Tathmini ya Utendaji Kazi: Mhudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, Julai 2024 hadi Juni 2025

Anayepimwa: Mama Neema, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, vitongoji viwili, kaya 112
Anayepima: Muuguzi msimamizi wa wahudumu, zahanati ya kijiji, Halmashauri ya Wilaya ya Moshi
Nakala: Mganga Mfawidhi, Kamati ya Usimamizi wa Kituo. Ofisi ya kijiji haipewi nakala kwa kuwa humu mna habari za wagonjwa.
Tarehe: 14 Julai 2025

Mama Neema, shikamoo.

Nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, wakubwa wasome nakala. Mwaka jana ulipewa karatasi yenye alama tano na sahihi, ukaniambia hukuelewa ulichosifiwa wala ulichokosea. Safari hii nimeandika kila nilichokiona na mahali nilipokiona.

Nimetumia njia tatu. Nimetembea nawe siku nne, mbili ulizozijua mapema na mbili nilizokukuta njiani. Nimelinganisha daftari lako na vitabu vya MTUHA vya hapa zahanati, jina kwa jina. Halafu nilichagua kaya 20 kutoka kwenye daftari lako kwa kufumba macho na kuweka kidole, nikaenda bila wewe kuwauliza wenyewe. Nimezungumza pia na wenyeviti wa vitongoji wote wawili na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto.

Nianze na namba ambayo fomu inaipenda, yaani idadi ya ziara. Daftari linaonyesha ziara 604. Nimefuta 38, na sababu yake nitaieleza. Zinabaki 566. Katika kaya 20 nilizozifuata, 17 walithibitisha kwamba ulifika kama ulivyoandika, mbili sikukuta mtu, na moja walisema hawajakuona tangu Pasaka. Kwangu mimi daftari hilo ni la kuaminika kwa sehemu kubwa. Ila ziara 566 peke yake haisemi kitu. Mtu anaweza kupiga hodi kaya kumi, akaitikiwa karibu, akanywa chai na kuondoka, na hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo nilitafuta kilichotokea baada ya wewe kuondoka.

Rufaa zinasema zaidi. Uliandika rufaa 58. Kwenye vitabu vyetu nilikuta majina 41. Kama ningeishia hapo ningekuandikia kwamba watu 17 hawakukusikiliza, na ningekuwa nimekuonea. Tulikaa nawe mchana mzima tukayafuatilia yale 17: tisa walipita moja kwa moja Mawenzi, hospitali ya Kibosho au kliniki za mjini, na kadi zao tuliziona. Watatu wamehama. Watano ndio hawakwenda kokote, na wanne kati yao kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa imeisha muda na nyumbani hamkuwa na hela. Hao si kushindwa kwako, na majina yao nimeyapeleka kwa Kamati. Kwa hiyo watu 50 kati ya 58 uliowaambia "nenda" walikwenda.

Kwa wajawazito nitasema kwa tahadhari. Mwaka uliopita walikuwa 11, na watatu walianza kliniki kabla ya wiki ya 12. Mwaka huu walikuwa 14, sita wakawahi. Ni dalili njema, lakini kwa idadi ndogo hivi mama mmoja akiwahi au akichelewa hesabu nzima inayumba, na sitaki Kamati ianze kugeuza hizo kuwa asilimia. Hakuna aliyejifungulia nyumbani mwaka huu, na mwaka uliopita pia hakuna. Sitakupa sifa kwa hilo, kama ambavyo nisingekulaumu kama angetokea mmoja aliyekutwa na uchungu barabarani usiku wa masika. Na chanjo ya surua ya miezi 18, ambayo wengi huisahau, imepanda. Unajua kama ninavyojua kwamba tulianza kuchanja na Jumamosi. Sifa hiyo tugawane.

Jambo dogo lililonifurahisha: Desemba kitabu cha watoto kilijaa majina ambayo hayamo kwenye orodha yako. Nilidhani umewaruka watoto wa kwako. Kumbe kwenye daftari umewaandika wote pembeni, "mgeni, mjukuu, anarudi Dar baada ya mwaka mpya", na kadi zao ulizikagua. Kila Krismasi Uchagani hujaa watu, na kila Januari namba zetu huchekesha wilayani. Wewe ndiye mhudumu pekee niliyemwona akiwatenganisha.

Sasa niingie kwenye kazi ambayo fomu haina hata kisanduku chake.

Una wagonjwa wa presha 19, karibu wote wazee waliobaki vihambani peke yao baada ya watoto kwenda mjini. Nimepitia kadi zao za kuchukulia dawa. Waliochukua dawa miezi kumi au zaidi kati ya kumi na miwili ni 11. Mwaka uliopita walikuwa sita. Wengine bado wanameza kidonge siku kichwa kikiuma, kikiacha na wao wanaacha. Mabadiliko hayo ya watu watano yamekula muda wako mwingi kuliko kitu kingine chochote, na nimeyaona yakitokea mstari kwa mstari.

Yule mzee wa juu karibu na mfereji, mwenye ng'ombe wawili wa zizini. Daftari lako, Septemba: "Presha juu sana. Amesema dawa za hospitali zinazoesha mwili. Nitarudi." Oktoba: "Hakukubali. Tumeongea habari za ng'ombe." Novemba: "Hakukubali. Ng'ombe amezaa." Desemba: "Nimemkuta mwanawe amekuja likizo, nimemweleza mbele yake." Januari hakuwepo. Februari: "Ameniuliza mwenyewe kidonge kinanywewa saa ngapi." Machi alikuja zahanati, na tangu hapo hajakosa mwezi. Kwa hesabu ya fomu hizo ni ziara sita zilizozaa rufaa moja, na mtu wa ofisini angesema unapoteza muda. Nilimuuliza mzee ni nini kilichombadilisha. Akasema, "Huyu mama haji kunisuta." Kama angepooza tungemwandika kwenye vitabu, lakini kiharusi ambacho hakikutokea hakina kitabu cha MTUHA, na siwezi kuapa kwamba kingetokea. Ninachoweza kuandika ni kwamba presha yake ilikuwa 190 kwa 110 Septemba, na vipimo vitatu vya mwisho vyote viko chini ya 150 kwa 90.

Hapo pia nitaje kosa letu. Miezi miwili, Agosti na sehemu ya Septemba, mashine yako ya presha haikuwa na betri, na uliomba mara mbili kwa maandishi. Posho nayo ilichelewa. Ziara za wazee zilipungua kipindi hicho na sikuhesabu upungufu huo kwako.

Nije kwenye yasiyopendeza.

Zile ziara 38. Zote zimeandikwa tarehe 28 Machi, kwa kalamu moja, mwandiko umenyooka kama wa barua ya posa. Kwenye mteremko huu, tena mvua zimeanza, hakuna miguu inayofika kaya 38 kwa siku moja. Nilipokuuliza hukuzunguka: ulikuwa ukimuuguza mama hospitali wiki tatu, ukaogopa safu ikionekana tupu. Pole sana, na nashukuru kwa kusema kweli. Lakini daftari hili ndilo lililonipa ushahidi wa yule mzee. Likiwa na ukurasa mmoja wa kubuni, mwingine yeyote ana haki ya kutilia shaka kurasa zote. Nimezifuta kwa mstari mmoja, bado zinasomeka, na tumeweka sahihi wote wawili. Halipelekwi mbali zaidi. Siku nyingine ukiuguliwa andika "sikwenda, nauguza", na mimi nitajua namna ya kusoma safu tupu.

La pili ni ng'ambo ya mto. Kaya za upande wa huku umezifikia karibu mara sita kila moja kwa mwaka. Zile 23 za ng'ambo hazifiki hata mara mbili. Najua daraja la magogo, najua mbwa wa pale kilabuni, na najua maneno unayotupiwa na wanaoshinda hapo kwenye mbege. Mwenyekiti wa kule aliniambia bila kumung'unya: "Sisi mhudumu wetu tunamwona kwenye mikutano." Na ndiko alikokutwa mtoto ambaye kanda ya mkono ilisoma nyekundu mwezi Mei, akiwa amedhoofu kwa muda mrefu. Alipelekwa na jirani. Sisemi ungemuokoa mapema kwa hakika. Nasema mtoto huyo hakuwahi kupimwa mkono mwaka mzima, na hilo ni lako na ni langu pia, kwa sababu nilikuwa nikisaini jumla ya ziara bila kuuliza ni za upande gani.

La tatu ni malalamiko. Mama mmoja alisema habari ya mimba ya binti yake ilizagaa ndani ya wiki moja baada ya wewe kufika kwao. Nimeuliza watu wanne na sikupata hata mmoja aliyesema ameisikia kwako. Wawili walisema waliona fulana yako na mkoba ukiingia pale mara tatu kwa wiki, wakajumlisha wenyewe. Nimeandika kwamba halijathibitika. Hata hivyo mama yule ameumia kweli, na fulana yetu inasema hata tukinyamaza. Wazo lako la kupita na nyumba mbili za jirani kila unapokwenda kwenye nyumba yenye jambo la siri nimelipenda, na nitawaambia wahudumu wengine walifuate.

Kwenye kaya nilizozizungukia, maneno yaliyojirudia ni kwamba unasikiliza na unarudi ulipoahidi. Wawili walisema una haraka siku za soko. Bibi mmoja alilalamika kwamba unampima tu na humletei dawa ya magoti. Nimemweleza kwamba hata mimi sina.

Alama: ufuatiliaji wa wagonjwa 5; rufaa 4; mahusiano na jamii 4; kumbukumbu 2; kufikia kaya zote 2. Fomu inataka wastani, ambao ni 3.4, na nimeuandika kwa kuwa haikubali kuachwa. Naomba Kamati isiusome huo peke yake. Hizo mbili za chini zinaweza kurekebishwa ndani ya miezi mitatu. Ile tano huchukua miaka. Napendekeza uendelee na kazi na kaya zako zilezile, kwa sababu mhudumu mpya angeanza na wale wazee kwenye "hakukubali".

Tulivyokubaliana: Jumanne tarehe 22 Julai tunavuka mto pamoja na mwenyekiti wa kule, na kila mwezi mpaka Oktoba siku mbili ni za ng'ambo kabla ya kitu kingine. Watoto wote wa kule walio chini ya miaka mitano wapimwe mkono kabla ya mwisho wa Agosti. Daftari nitalipitia kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, dakika kumi tu, hapahapa zahanati. Mimi natafuta betri za akiba na namfuatilia mtu wa posho.

Soma hii nyumbani kwanza, mtoto akusomee kama macho yanasumbua usiku. Mahali nilipokosea andika pembeni kwa kalamu yako kabla ya kusaini. Nimeacha nafasi, na maneno yako yatakwenda kwa Kamati pamoja na haya yangu.