Yesu Wangu, Naahidi: wimbo wa watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara

Wimbo huu ni wa watoto 31 wa kigango chetu, huku bonde la Kilombero: 22 wa Komunyo ya Kwanza na 9 wa Kipaimara. Maneno mengi ni yao, mimi katekista nimeyapanga tu yaimbike. Jumamosi moja baada ya mafundisho niliwauliza, "Utamwahidi Yesu nini?" Wa kwanza akasimama akasema hatatenda dhambi tena maisha yake yote. Nikamwuliza, "Hata kesho?" Akacheka, akakaa. Wa pili akasema ataacha kutafuna mchele mbichi kwenye ungo wa mama akitumwa kuupepeta. Wimbo ukaanzia hapo.

Sikutaka ahadi za kuwashinda. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza kwamba mtoto aliyefikia umri wa kutambua, yaani miaka 7 hivi, asicheleweshewe Komunyo. Basi na ahadi yake iwe ya miaka 7, yenye kutimizika kati ya nyumbani, shuleni na shambani.

Ngoma moja na kayamba vinatosha. Kinanda kisiwafunike.

KIITIKIO (wote, mara mbili)

Yesu wangu, naahidi
neno dogo la ukweli;
nikisahau, niite,
nikijikwaa, nishike.

SEHEMU YA KWANZA: WATOTO WA KOMUNYO

1. (Mwendo wa kuchangamka. Kengele yetu ni ile rimu ya trekta mwembeni. Mtoto mmoja aigonge mara tatu kabla ya kuanza.)

Kengele ya Dominika
ikilia, nainuka;
nguo yangu nitafua
Jumamosi kuna jua.

2. (Mstari wa mchele anauimba peke yake yule aliyeutoa. Ameomba mwenyewe. Wengine wote dhambi zao ni zao na padri, wimbo haumtaki mtu aziseme hadharani.)

Nitakwenda kuungama,
nitasema bila kona:
kama nimemtukana
ndugu yangu, nitanena;
kama mchele wa mama
nimekula, nitasema.
Kisha nirudi kwa mama,
nimwombe radhi mapema.

Kiitikio

3. (Hapa wanacheka kila mara. Waacheni.)

Saa moja kabla yake
andazi nisilishike;
pipi iwe mfukoni,
isifike mdomoni.
Maji na dawa ruhusa,
chai ningoje kwa sasa.

Wazazi wengi huuliza saa hiyo inahesabiwaje. Ni saa moja kabla ya kupokea, si kabla ya Misa kuanza. Mtoto aliyeamka saa kumi na moja na kutembea kutoka ng'ambo ya mto anywe uji wake kabla ya kuondoka nyumbani. Mwaka jana mmoja alianguka kwa njaa kwenye foleni, na hakuna aliyemtaka afunge namna hiyo.

4. (Polepole. Ngoma inyamaze, kayamba peke yake. Watoto waonyeshe kwa mikono: wa kushoto juu ya wa kulia, viganja wazi.)

Mikono yangu ni kiti,
Mfalme anaketi;
wa kushoto uwe juu,
ndio kiti cha Mkuu.
"Mwili wa Kristo," anena,
jibu langu ni "Amina."
Sitapokea kwa pupa,
ni Yesu mwenye kunipa.

Kiti hiki sikukibuni mimi. Kimo katika mafundisho ya kale kwa waliobatizwa karibuni, yanayohesabiwa kuwa ya Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu wa karne ya 4: mkono mmoja uwe kiti cha enzi kwa mwingine, kwa sababu unampokea Mfalme. Nilipowaeleza watoto, mmoja akatazama viganja vyake vyenye weusi wa korosho, akatoka bila kuaga. Tulimsikia akisugua mikono kwa mchanga kwenye bomba la nje.

Anayepokelea mdomoni asione kwamba ubeti huu haumhusu. Aimbe naye, "Amina" yake ni ile ile.

5. (Kwa sauti ya chini kabisa. Baada ya neno "tatu", kimya cha pumzi mbili.)

Nikirudi kwenye benchi
sitahesabu viatu;
nitafumba macho kwanza,
nimwambie Yesu tatu:
Asante. Karibu. Kaa.
Ndani nimewasha taa.

Taa ni ile nyekundu ya kwenye tabernakulo. Na viatu, ni kweli wanavihesabu. Nimekaa nyuma miaka mingi, nimeona vichwa vikiinama vyote kwa pamoja, nikadhani ni sala.

Kiitikio (mara moja, taratibu, kisha ngoma irudi)

6. (Wavulana waanze, wasichana wapokee mstari wa tatu. Wenye makopo wayagonge.)

Nikiwinga ndege shamba,
huko huko nitaimba;
kopo langu nikigonga,
sala zangu nitaunga.

(Kusema, si kuimba, kwa mdundo wa kopo)
Kiongozi: Baba Yetu!
Watoto: Ndege, ruka!
Kiongozi: Salamu Maria!
Watoto: Usirudi!
Kiongozi: Atukuzwe Baba!
Watoto: Mpunga upone!

Ubeti huu umewekwa kwa ajili ya wale sita waliokosa mafundisho wiki tatu kwa sababu ya ndege. Hawakuwa watoro. Mpunga ukianza kukomaa, kwelea hawamngoji katekista.

7. Chenji ya mama ni yake,
shilingi mia ifike;
muhogo wangu nigawe,
mwenzangu naye ashibe.

Kiitikio

SEHEMU YA PILI: WATOTO WA KIPAIMARA

(Wale 9 wasogee mbele, wadogo wakae chini. Mwendo wa kutembea, sauti zishuke. Hawa ni wakubwa, wengine sauti zimeanza kukatika. Msiwalazimishe kupanda juu.)

8. Mkono wake begani,
krisma yangu usoni;
jina langu litatajwa,
na muhuri nitapigwa.
Mafuta yatakauka,
muhuri hautatoka.

Mkono wa begani ni wa msimamizi. Mistari miwili ya mwisho irudiwe mara tatu, maana ndiyo sababu Kipaimara hakipokelewi mara ya pili. Mafuta mtu anaweza kuyafuta kwa kitambaa kabla hajatoka mlangoni, ule muhuri haufutiki.

9. (Mapaji saba. Kiongozi aite, mtoto mmoja mmoja ajibu kwa sauti ya kawaida ya kuzungumza. Wawili waliobaki wapige ngoma na kayamba. Kila jibu likiisha, wote: "Njoo, Roho Mtakatifu.")

Kiongozi: Hekima!
Mtoto: Nichague jema hata nikiwa peke yangu.

Kiongozi: Akili!
Mtoto: Nielewe ninachosali, nisiwe kasuku.

Kiongozi: Shauri!
Mtoto: Niulize kwanza, ndipo nifuate kundi. Au nisilifuate.

Kiongozi: Nguvu!
Mtoto: Nikichekwa kwa ajili ya rozari yangu, nisiivue.

Kiongozi: Elimu!
Mtoto: Nikiona mto umejaa, nimkumbuke aliyeuumba.

Kiongozi: Ibada!
Mtoto: Nipige goti mpaka lifike chini.

Kiongozi: Uchaji wa Mungu!
Mtoto: Jina lake nisilitie kwenye utani wala kwenye kiapo cha uongo.

"Au nisilifuate" aliiongeza msichana mwenyewe wakati wa mazoezi. Nimeiacha ilivyo, ingawa inavunja mdundo.

10. (Wote, wakubwa kwa wadogo)

Kizito, kaka mdogo,
moyo wako si mdogo;
Namugongo ulikwenda,
Yesu ulivyompenda.
Mimi moto sitapita,
kuchekwa tu nitapata;
niombee nisikane
nikichekwa na wengine.

Kabla ya ubeti huu kiongozi awaambie watoto kwa kifupi: Kizito alikuwa mvulana wa miaka 14 hivi, mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Karoli Lwanga alimbatiza Munyonyo, Mei 1886, kifo kikiwa tayari kinabisha hodi. Tarehe 3 Juni aliuawa kwa moto Namugongo pamoja na wenzake. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Basi. Msiwaelezee wadogo mambo ya kuni na kamba. Mwaka juzi mmoja hakulala.

Kiitikio

SEHEMU YA TATU: NA WAZAZI

(Watoto wote wageuke, wawatazame wazazi. Ndiyo, wageuke kweli. Wengi watatazama paa.)

11. Watoto:
Baba, mama, mashahidi,
mmesikia ahadi;
tukisahau, semeni,
fimbo iwekeni chini.

12. Wazazi na wasimamizi (wamesimama):
Tumesikia, wanetu,
na sisi tuna la kwetu:
ndege tuwinge kwa zamu,
Misa ni ya wote humu.

Ubeti wa wazazi tulibishania kwenye Jumuiya. Baba mmoja alisema mpunga hauli Misa. Bibi aliyekuwa kimya muda wote kwenye mkeka ndiye aliyesema, "Kwani mashamba yetu hayapakani? Leo walinde wa kwangu, Dominika ijayo walinde wa kwako." Watu wakanyamaza. Mstari wa tatu ni wa bibi huyo, naye nimemwomba auanzishe yeye.

MWISHO

(Kila mtoto ana ahadi yake moja aliyoiandika kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Hiyo haiimbwi wala haisomwi na mtu. Wapite mmoja mmoja, waiweke kwenye ungo mbele, warudi mahali pao. Ngoma ipige taratibu mpaka wa 31 arudi. Kisha kiitikio mara ya mwisho, bila ala.)

Yesu wangu, naahidi
neno dogo la ukweli;
nikisahau, niite,
nikijikwaa, nishike.

Wote: Amina.

Kwa viongozi wa kwaya: paroko ameruhusu ubeti wa 5 tu ndani ya Misa, baada ya Komunyo, kama shukrani. Wimbo mzima ni wa nje, chini ya mwembe, baada ya baraka na kabla ya pilau. Wala usichukuliwe kwamba unashika nafasi ya ahadi za ubatizo. "Namkataa" na "Nasadiki" watajibu kanisani mbele ya mwadhimishaji, na tumezifanyia mazoezi siku nyingine. Mazoezi ya mwisho ni Ijumaa saa tisa. Anayekuja na mdogo wake aje naye, ila mdogo akae upande wa pili, mbali na ngoma. Na ungo wa kuwekea karatasi ataleta mama wa yule mtoto wa mchele, amesema atahakikisha ni mtupu.