Hotuba ya mwalimu mkuu kwenye kikao cha wazazi, Tukuyu

Wazazi wangu, mama zangu na baba zangu, ndaga fijo kwa kufika na mvua hii. Najua wengine mmeacha chai shambani, kwahiyo naenda moja kwa moja kwenye lile lalamiko lililoletwa ofisini, kwamba watoto wetu wanakaririshwa tu sarufi, kutwa kiti viti, kiti viti, wakati wangefundishwa kuongea.

Lalamiko nimelisikia na sijakasirika. Ila ngoja niwaeleze kilichotokea mlangoni kwangu.

Kabinti ka darasa la pili kalikuja kanalia, sikio jekundu, kananiambia "mwalimu, nimempiga". Mimi nikamkazia macho, nikamuuliza kwanini umempiga mwenzio? Akanyamaza. Nikamrudia tena kwa ukali, akazidi kulia, na nilishaanza kutafuta adhabu ya kumpa ndipo mwenzake akasema hapana mwalimu, huyu ndo kapigwa. Kumbe mtoto alitaka kusema "amenipiga". Silabi mbili tu zimebadilika, aliyeonewa kageuka mkosaji, na mwalimu mkuu mzima nikamwamini alichokisema badala ya kuliangalia lile sikio. Ile siku iliniuma sana, na mpaka leo inaniuma.

Yule mtoto nyumbani anaongea Kinyakyusa na bibi yake, na hilo ni jambo zuri, wala asije mtu akamkataza. Kiswahili anakisikia, anakielewa, ila mdomo wake haujazoea kukiunda haraka tena akiwa analia. Hapo ndo mazoezi yanapofanya kazi. Kila asubuhi dakika kumi, mwalimu anasema "ameniita", darasa linajibu "nimemwita", "wametuita", "tumewaita", alafu wanaonyeshana kwa vidole nani kamwita nani, tunarudia mpaka inatoka yenyewe bila mtoto kufikiria. Kichwa cha mtoto hakiwezi kubeba vitu vingi kwa mara moja, akiwa bado anatafuta aseme "kimeoza" au "imeoza" basi lile alilotaka kutuambia linampotea katikati ya sentensi, mnamuona anaanza vizuri alafu anaishia "eeh... eeh...".

Na wazazi, ngeli sio kitu cha wazungu wala cha vitabuni. Ninyi wenyewe mnazo. Mnasema umundu, abandu, umwana, abana, hakuna bibi hapa anayekosea hata akiwa usingizini. Mlirudia mara ngapi mkiwa wadogo? Maelfu, mgongoni kwa mama, shambani, motoni, ila hamkuhesabu. Mtoto wa shule Kiswahili hajapata hayo maelfu kwa mama yake, Kiingereza ndo kabisa, sisi tunajaribu kumpa kwa dakika kumi kumi.

Hicho Kiingereza chenyewe msikichukulie poa. Kiswahili tukisema "amekuja" haijulikani ni baba au mama, Kiingereza kinatenganisha, kwahiyo mtoto anaelewa vizuri kabisa lakini anamtaja mama yake kama mwanaume, kila siku. Kumweleza mara moja ubaoni haisaidii, anakubali kwa kichwa na dakika inayofuata anarudia lile lile. Na akifika kidato cha kwanza, baiolojia, hisabati, jiografia, yote anafundishwa kwa Kiingereza, hakuna wa kumsubiri.

Sasa niseme na upande wetu, maana lalamiko lenu lina ukweli. Kuna miaka tuliwakaririsha majina ya ngeli, mtoto anakutajia KI-VI, LI-YA, U-I kama anaimba, alafu akitoka nje anasema "kitabu yangu". Hilo lilikuwa kosa letu walimu. Zoezi lisiloishia kwenye kuongea ni kuchosha watoto bure, kwahiyo siku hizi wakimaliza kurudia lazima kila mmoja atunge sentensi ya kweli ya nyumbani kwao, na mwalimu anamuacha amalize ndo anamsahihisha.

Nyumbani siwaombi hela. Jioni mkimenya viazi, muulize mtoto kipi kibaya, aseme "kiazi hiki kimeoza", ongeza cha pili, "viazi hivi vimeoza". Parachichi hili limeiva, maparachichi haya yameiva. Ndizi hii imeiva, ndizi hizi zimeiva, hapo wengi watakosea maana ndizi yenyewe haibadiliki. Akikosea usimcheke wala usimfokee, rudia wewe kwa usahihi na yeye aseme tena, basi, endeleeni kumenya.

Mwalimu wa darasa la pili yuko hapo nyuma na watoto watano, watawaonyesha zoezi la asubuhi ya leo. Yule binti yumo, ni wa pili kutoka kushoto. Karibu mwalimu.