Mbegu za nyanya Rio Grande, pakiti ya gramu 25 (soma tarehe kabla hujaagiza)

Mzigo mpya umefika. Ni nyanya aina ya Rio Grande, ile ndefu kama yai, nyama nene, maji kidogo, ndo maana inavumilia kusafirishwa kwenye tenga bila kufika rojo. Sio chotara, ni mbegu ya kawaida, kwa hiyo ukipenda unaweza kukamua mbegu zako mwenyewe kwenye matunda mazuri na msimu ujao ukapanda tena zikatoka vilevile. Mti wake ni mfupi, unajaa halafu unasimama, haupandi juu kama zile za kufunga kamba kwenye grinhausi, ila ukiweka vijiti matunda hayalali chini. Inastahimili mnyauko fuzari kwa kiasi chake. Bakajani haina huruma nayo, hapo dawa ni lazima.

Uzito ni gramu 25, pakiti ya foili imefungwa kiwandani. Gramu moja inakuwa na mbegu kama 300 hivi kwa hiyo pakiti nzima ni mbegu 7,500 kwa makadirio. Ukipanda sentimita 90 kwa 60, eka moja inakula miche karibu 7,500 na najua mshapiga hesabu mkaona pakiti moja inatosha, hapana, chukueni mbili, maana sio kila mbegu inaota na sio kila mche ulioota unafika shambani, kuna wa kufa kitaluni, kuna wa kukatwa na sota usiku, na wa kuziba mapengo lazima ubaki nao.

Uotaji: lebo inasema asilimia 85. Mimi siamini lebo kavukavu hivyo nikahesabu mbegu 50, nikazikunja kwenye tishu yenye unyevu ndani ya mfuko wa nailoni, nikaweka sehemu ya joto. Siku ya tano vimkia vyeupe vimeanza kuchungulia, siku ya nane nikahesabu 44, yaani asilimia 88. Kitaluni tegemea pungufu kidogo. Udongo ukiwa na joto nyuzi 20 mpaka 30 zinachomoza siku 6 hadi 10, kukiwa na baridi zinaweza kuchukua wiki mbili, usianze kufukua kuangalia. Kina ni sentimita 1 tu, mkizifukia sana halafu mkasema mbegu feki mimi sitakuwa na la kujibu.

Msimu: sia kitaluni wiki 4 hadi 5 kabla ya siku unayotaka kuhamishia shambani. Inakubali zaidi ukiipangia ikomae wakati wa kiangazi kwa kumwagilia, au mvua kubwa zikiwa zinaishia. Katikati ya mvua nyingi inaota vizuri tu ila majani hayakauki na ukungu unaanzia hapo, utapiga dawa mpaka uchoke. Tangu kuhamisha miche mpaka kuvuna ya kwanza weka siku 75 hadi 85.

Sasa tarehe, na hapa msinisome harakaharaka. Nina loti mbili. Mpya imepakiwa 05/2025, inaekspaya 05/2027. Ya zamani zimebaki pakiti 12, inaekspaya 30/09/2025, nilipoipima vilevile ilikuwa bado ndani ya muda lakini, kwenye 50 zimeota 36, hiyo ni asilimia 72, chini ya ilivyoandikwa kwenye lebo. Sijaichanganya na mpya. Anayeitaka namwambia wazi asie kwa kujaza zaidi na asie sasa hivi, sio kuiweka kabatini. Tarehe yenyewe inahesabika kwa pakiti iliyofungwa tu, ukishafungua weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, mbali na jua na jiko, unyevu na joto vinaua mbegu kabla ya ekspaya.

Rangi ya pinki mtakayoiona ni dawa ya ukungu, thiramu. Nawa mikono, watoto na kuku wasiguse, zikibaki usizile.

Pia kuna NPK 17-17-17, mfuko kilo 25, kwa watakaoulizia ya kupandia. Kwenye mfuko huo naitrojeni ni kilo 4 na robo, fosfeti hivyohivyo, potashi hivyohivyo, kilo zilizobaki sio virutubisho hivyo vitatu. Mbolea haifi kama mbegu, inachofanya ni kuvuta unyevu na kuganda mabonge, hivyo iinue juu ya mbao, usiiegemeze ukutani. Mfuko mmoja umechanika kona nikaushona, ule siuuzi kama mzima.

Ukiagiza andika idadi ya pakiti na useme loti mpya au ya zamani, usiposema nakupa mpya.