Barua kwa wanahisa: gawio la mwaka huu ni shilingi 40

Ndugu Mwanahisa,

Barua hii inachukua nafasi ya ile ya mwanzo, iliyozungusha maneno mno.

Bodi imepitisha gawio la shilingi 40 kwa kila hisa. Mwaka jana lilikuwa 65. Mwenye hisa 1,000 atapata shilingi 40,000, kabla ya kodi ya zuio.

Sababu kubwa ni korosho ghafi. Minadani tulishindana na wanunuzi wanaoisafirisha bila kubanguliwa, bei ikapanda, huku korosho tuliyobangua tukiwa tumeshaiuza kwa mkataba wa bei ya zamani. Faida imepungua. Hasara hatuna, wala hatukukopa ili tulipe gawio.

Mwakani tunatarajia lisishuke chini ya 40, mradi bei ya mnadani isizidi ya sasa na tupate ghafi ya kutosha ya daraja la kwanza. Mvua zikiwahi, korosho ikalowana ingali chini ya mikorosho, daraja hushuka. Hapo tutawaandikia mara moja bila kungoja mkutano mkuu.

Malipo yataanza tarehe 15 Julai, benki au kwa simu. Aliyebadilisha namba apite ofisini kwetu Mtwara mjini na kitambulisho.

Wenu,
Mwenyekiti wa Bodi