Kipindupindu na maji ya kunywa mjini Lamu

Kazi ya Sayansi ya Afya

Swali: Eleza jinsi magonjwa ya maji yanavyoenea, ukitumia mfano wa kipindupindu. Fafanua hatua za kusafisha maji na usafi unaofaa mahali unapoishi.

Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini aina ya A hupita njia moja: kinyesi cha mgonjwa hufika kinywani mwa mwingine, kwa maji, chakula au mikono. Mwaka 1854 daktari John Snow alichora ramani ya waliokufa kwa kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, akaona vifo vimeizunguka pampu ya Broad Street. Zama hizo wengi waliamini ugonjwa huletwa na hewa chafu.

Bakteria wa kipindupindu, aina ya vibrio, hutoa sumu inayoufanya utumbo mwembamba umwage maji na chumvi za mwili. Dalili huanza baada ya saa chache hadi siku 5: kuhara majimaji kama maji yaliyooshewa mchele, kutapika, macho kudidimia, misuli kukaza. Kinachoua ni kukaukiwa maji, na mgonjwa mahututi asiyetibiwa aweza kufa ndani ya saa chache. Aanze kunyweshwa papo hapo, akiwa njiani kwenda hospitali. Pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Mtoto anayenyonya asiachishwe.

Hapa Lamu husemwa kwamba maji ya kisima yenye chumvi hayana ugonjwa. Imani hii ni ya hatari. Vibrio hustawi katika maji ya chumvichumvi, ambako hujishikiza kwenye vijidudu vya majini, kwa hiyo hata kaa na chaza lazima waive sawasawa. Tatizo jingine ni nafasi. Inashauriwa choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na nyumba za Mkomani na Langoni zilivyobanana, umbali huo haupatikani. Masika yakija, mifereji ya vichochoroni hufurika na uchafu huenda unakotaka. Wazee walifuga samaki wadogo ndani ya birika la kuwekea maji ili wale viluwiluwi vya mbu. Ni busara nzuri dhidi ya mbu, ila samaki hawali bakteria.

Mitambo ya maji ya mito huanza kwa kuzuia takataka kubwa, kisha shabu hutiwa ili tope ligandamane na kuzama, maji hupitishwa kwenye mchanga, na mwisho hutiwa klorini. Nyumbani tufuate mpangilio huohuo. Acha maji yatulie, yamimine polepole, yachuje kwa leso kuukuu safi iliyokunjwa mara kadhaa. Utafiti wa Rita Colwell na wenzake Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2003, uliona kuchuja kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa kukipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vijidudu vinavyombeba vibrio hunaswa. Nusu haitoshi, kwa hiyo baada ya kuchuja lazima kuua: chemsha mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje dakika 30. Ukitia klorini kwenye maji yenye tope, dawa humalizwa na tope kabla ya kuwafikia bakteria. Maji ya chumvi hayawi matamu kwa kuchemshwa. Chumvi hubaki palepale.

Kazi hii yote huharibikia mtungini mwa maji yaliyokwisha kuchemshwa. Nyumba moja niliyoitembelea Langoni ilichemsha maji kila jioni, lakini kikombe cha kuchotea kilikaa juu ya kifuniko, na mtoto aliyetoka chooni alikizamisha hadi vidole vikalowa. Kuanzia hapo maji yale hayakuwa salama tena. Ndoo yenye bomba na mfuniko ndiyo bora. Anayependa mtungi atumie kata yenye mpini mrefu, aitundike ukutani, na mtungi usuguliwe kwa sabuni mara kwa mara.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 20 hivi, baada ya choo, baada ya kumtawadha mtoto, na kabla ya kupika, kula au kulisha. Kinyesi cha mtoto nacho kitupwe chooni, kwa maana hubeba vijidudu vilevile. Anayemuuguza mgonjwa wa kipindupindu asiwapikie wengine. Nguo na mashuka yake yasifuliwe karibu na kisima. Yalowekwe kwenye maji ya klorini kwanza, na maji hayo yamwagwe chooni.