Orodha ya Usalama ya Siku ya Kwanza kwa Wafanyakazi Wapya: Kinu cha Unga wa Mahindi, Nakuru

Ndugu mfanyakazi mpya, karibu. Kitabu chetu cha usalama kina kurasa 124 na hakuna anayetarajiwa kukimaliza leo. Ukurasa huu umechukua mambo ambayo usipoyajua kabla ya kuanza kazi yanaweza kukugharimu kiungo au uhai. Upitie pamoja na msimamizi wako wa zamu, na utie alama kwenye kisanduku baada tu ya kuonyeshwa kitu chenyewe mahali kilipo. Usipoelewa, uliza tena. Hakuna atakayekukaripia kwa kuuliza.

Kabla ya kuingia kinuni

☐ Nimepewa kofia ngumu, buti zenye ncha ya chuma, overoli, barakoa ya vumbi na vizibo vya masikio, bila kutozwa chochote. Kifaa kikichakaa, kirudishe stoo upewe kingine siku hiyo hiyo.

☐ Nimevua pete, bangili, saa na mkufu, nimefunga vifungo vya mikono, na nywele, kilemba au hijabu yangu imeingizwa ndani ya kola. Uzi mmoja unaoning'inia unatosha kwa roli inayozunguka kuvuta nguo yote.

☐ Nimeonyeshwa sehemu ambazo vizibo vya masikio havivuliwi. Kanuni za Kelele za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8, na ghorofa ya kusagia hukaribia kiwango hicho mashine zote zikiwaka.

Mashine (Sura ya 6)

☐ Nimeelewa kwamba hakuna mashine inayozibuliwa, kusafishwa wala kurekebishwa ikiwa inazunguka, au ikiwa kuna mtu mwingine anayeweza kuiwasha.

Hapa ndipo tunapokuomba uwe mkaidi. Mahindi yenye unyevu huziba mara kwa mara mguu wa elevata, yaani mashine inayopandisha nafaka juu, malori yamepanga foleni nje, na mkono wako unaona kabisa pale palipoziba. Usiutie. Mwite fundi wa zamu, ambaye atazima mashine, atakata umeme kwenye swichi kuu, ataifunga swichi hiyo kwa kufuli jekundu lenye jina lake na kutia ufunguo mfukoni mwake, kisha atabonyeza kitufe cha kuwashia ili kuhakikisha kwamba mashine haiitiki. Kama watu watatu wanafanya kazi kwenye mashine moja, kuna makufuli matatu, na kila mtu hulifungua lake mwenyewe. Ukikuta kufuli la mwenzako, hata kama amekwenda kula na zamu inakaribia kuisha, halikatwi wala halizungukwi, msimamizi anaitwa.

☐ Ninajua vilipo vitufe vyekundu vya kusimamisha mashine na kamba ya dharura inayopita kando ya kila mkanda, na nimeivuta mwenyewe leo, mkanda ukiwa hauna mzigo.

☐ Sitatoa kinga ya mashine, na nikiikuta imetolewa, sitaiwasha mashine hiyo.

Silo na mashimo ya nafaka (Sura ya 9)

☐ Sitaingia ndani ya silo, shimo la kupokelea mahindi wala tangi lolote bila kibali cha maandishi cha siku hiyo.

Sura hii ndiyo ndefu kuliko zote kitabuni, na ina sababu. Mahindi yanapotolewa chini ya silo, yale ya juu huteremka kama maji ya funeli. Mtu aliyesimama juu yake huzama hadi kiunoni kwa sekunde chache, na akishafika hapo wenzake hawawezi kumvuta kwa mikono, hata wakiwa wengi. Wakati mwingine mahindi yaliyovunda huganda juu na kufanya ukoko unaoonekana imara, kumbe chini yake ni tupu. Hatari nyingine haionekani kabisa. Nafaka inayooza hula oksijeni, na hewa ya kawaida yenye asilimia 20.9 ikishuka chini ya 19.5, hakuna anayeruhusiwa kuingia. Hewa hupimwa kwa kifaa, mlango wa chini hufungwa kwa kufuli, anayeingia huvaa mkanda wa mwili uliofungwa kwa kamba, na mwenzake hubaki mlangoni muda wote bila kazi nyingine. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate, piga king'ora. Watu wengi wamekufa katika silo wakiwa wanaokoa wengine.

☐ Nimeonyeshwa bango jekundu la ufukizaji. Vidonge vya alumini fosfidi vinavyoua fukusi hutoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu. Gesi hii huweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua si kipimo, kwa sababu inaweza kudhuru kabla hujaisikia. Ukiumwa kichwa ghafla, ukipata kichefuchefu au kifua kikibana ukiwa karibu na silo, ondoka nenda kwenye hewa safi na umwarifu msimamizi papo hapo. Usimwagie maji vidonge hivyo wala mabaki yake.

Vumbi na moto

☐ Ninajua kwamba vumbi la unga likitanda hewani hulipuka likipata cheche. Kwa hiyo hatuvuti sigara ndani ya ua, hatupulizi vumbi kwa hewa ya kompresa, na hakuna anayechomelea wala kukata chuma bila kibali cha kazi ya moto. Unga uliomwagika hufyonzwa kwa mashine au kufagiliwa taratibu mara unapoonekana, haungoji mwisho wa zamu.

☐ Nimetembea kwa miguu kutoka mahali pangu pa kazi hadi uwanja wa nyasi mkabala na lango kuu, ambako tunakusanyika king'ora kinapolia. Lifti haitumiwi.

Ua na mizigo

☐ Nitapita kwenye njia iliyopakwa rangi ya njano, na sitapita nyuma ya lori linalorudi nyuma. Kuanzia Oktoba hadi Januari, mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yanapomiminika, ua huu hujaa malori, na dereva aliyeendesha usiku kucha huenda asikuone.

☐ Gunia la kilo 90 husafirishwa kwa toroli au forklifti, halibebwi mgongoni hapa, hata na mtu mwenye nguvu zake. Bunda la unga la kilo 24 linainuliwa kwa kukunja magoti, mzigo ukiwa karibu na mwili.

Jambo likitokea

☐ Ninajua sanduku la huduma ya kwanza lilipo na nani kwenye zamu yangu amefunzwa kulitumia. Aliyeungua huwekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dharura ya nje ni 999 au 112.

☐ Nitaripoti kila jeraha siku hiyo hiyo, hata mkwaruzo, na pia ajali iliyoponea chupuchupu. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuarifu serikali ndani ya siku 7 baada ya kupata habari, na jeraha lililofichwa huwa gumu kulipiwa fidia.

☐ Ninajua kwamba nikiona hatari kubwa iliyo karibu kutokea nina wajibu wa kumwarifu msimamizi wangu mara moja, na kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hairuhusu nirudishwe mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Msimamizi akikupuuza, mwendee mjumbe yeyote wa kamati ya usalama. Majina yao na picha zao zimebandikwa mlangoni mwa kantini.

Kitabu kamili kiko ofisi ya zamu, nakala mbili za Kiswahili na moja ya Kiingereza. Sura ya 6 na ya 9 utazisoma ndani ya wiki hii, kwa saa za kazi zinazolipwa.