YAH: Ombi la likizo ya mwezi mmoja bila malipo, 6 Agosti hadi 4 Septemba 2026

Kwa: Meneja wa Fedha
Nakala: Ofisa Rasilimali Watu
Tarehe: 8 Juni 2026

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba ruhusa ya likizo bila malipo kuanzia Alhamisi tarehe 6 Agosti hadi Ijumaa tarehe 4 Septemba 2026, na nirejee kazini Jumatatu tarehe 7 Septemba.

Baba yangu ana ndugu zake watatu walioolewa na kuhamia nchi jirani, na wote sasa ni wazee. Kwa miaka mingi amekuwa akitamani kwenda kuwaona. Daktari wake hamruhusu kupanda ndege, kwa hiyo tutakwenda kwa basi na treni, tukipumzika njiani, na hawezi kusafiri peke yake. Siku zangu za likizo ya mwaka zilizobaki hazitoshi safari ya namna hii, na ukweli ni kwamba sidhani kama nafasi hii itapatikana tena miaka miwili ijayo. Ndiyo maana naomba mwezi mzima, hata kama hautalipwa.

Tarehe nimezichagua kwa kuangalia kalenda ya idara. Hesabu za Julai nitazifunga mwenyewe kabla ya kuondoka, ifikapo tarehe 5 Agosti. Hesabu za Agosti mwisho wake ni tarehe 10 Septemba, nami nitakuwa nimerudi siku tatu kabla. Kwa hiyo hakuna ufungaji wa mwezi utakaokamilishwa bila mimi kuwepo.

Kinachobaki katikati ndicho nilichokifikiria zaidi. Malipo ya wazabuni hufanyika kila Alhamisi. Nimezungumza na Rashidi, na yuko tayari kupokea ankara, kuzilinganisha na hati za mapokezi ya mizigo na kuandaa orodha ya malipo. Lakini yeye ndiye anayepitia orodha hizo ninapoziandaa mimi, na mtu mmoja hawezi kuandaa na kupitia malipo yale yale. Napendekeza kazi ya kupitia ihamie kwa Mhasibu Mwandamizi kwa mwezi huo, na idhini ya mwisho ibaki kwako kama kawaida. Naomba pia Rashidi afunguliwe haki za muda kwenye mfumo wa uhasibu kwa jina lake mwenyewe, zifungwe siku nitakayorudi. Nywila yangu sitamwachia mtu, na akaunti yangu naomba isimamishwe nikiwa safarini.

Ulinganisho wa taarifa za benki atauchukua Halima, kila Jumatatu. Aliwahi kuufanya nilipokuwa kwenye mafunzo na aliuweza vizuri. Zile hoja chache zinazojirudia, hasa makato ya benki yanayochelewa kuonekana, nitamwandikia. Mishahara haitaguswa, kwa kuwa haipiti mezani kwangu. Madai yenye mgogoro na wazabuni wawili wakubwa nitajitahidi kuyamaliza mwezi Julai. Yatakayobaki nitakukabidhi wewe kwa maandishi, kwa sababu si haki kumwachia Rashidi mazungumzo ambayo hakuyaanza.

Makabidhiano yataanza tarehe 20 Julai. Wiki ya kwanza wenzangu watakaa nami wakiangalia. Wiki ya pili watafanya wao, nami nitakuwa pembeni, ili makosa yajitokeze ningali ofisini.

Njiani mtandao hautakuwa wa uhakika, kwa hiyo siahidi kupatikana kila siku. Nitasoma ujumbe kila Jumatano jioni.

Rashidi na Halima watabeba mzigo wa ziada. Kwa kuwa mshahara wangu wa kipindi hicho hautalipwa, naomba sehemu yake ifikiriwe kuwa posho ya kukaimu kwao. Wao hawakuniomba niandike hili.

Kwa upande wangu, naomba Ofisa Rasilimali Watu anieleze jinsi michango yangu ya hifadhi ya jamii na bima ya afya itakavyoshughulikiwa mwezi huo. Rejesho la mkopo wangu linalokatwa kwenye mshahara nitalilipa mwenyewe moja kwa moja.

Iwapo Agosti ni mgumu kwa idara, naweza kusogeza safari ianze tarehe 10 Septemba, baada ya kufunga hesabu. Hapo ratiba ya makabidhiano itasogea pia, na Halima na Rashidi watahitaji msaada zaidi kwa hesabu za Septemba. Zaidi ya hapo nisingependa kusogeza, maana wakaguzi wa nje wanakuja katikati ya Oktoba na wakati huo mahali pangu ni hapa.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya tarehe 26 Juni, ili niweze kukata tiketi na kushughulikia hati za kusafiria za baba. Niko tayari kuja kuzungumza nawe siku yoyote utakayopenda.

Wako katika kazi,

Neema
Mhasibu, Malipo ya Wazabuni